Posho ya Safari Iliwe Kwanza



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo familia nyingi za parokia zetu zinalijua, ila mara chache linajadiliwa nyumbani. Nalo ni chakula cha mtu aliyesafiri kikazi. Mwalimu anakwenda kusimamia mitihani wilaya ya jirani, fundi anapelekwa kutengeneza pampu za maji, karani anaitwa semina ya wiki mbili, dereva analala huku leo na kule kesho. Wote hao hulala gesti. Gesti ina kitanda, chandarua na ndoo ya maji, lakini haina jiko. Chakula kinapatikana kwa mama lishe au katika hoteli za mjini, na cha kukinunulia ni ile posho aliyopewa.

Hapo ndipo penye shida. Wengi wetu tumezoea kuihesabu posho kuwa ni mapato. Kabla baba au mama hajapanda basi, fedha ile imekwisha kugawanywa: hii ya ada, hii ya bati, hii ya deni la duka. Msafiri akifika huko aendako anaanza kubana. Anakunywa chai kavu asubuhi, anapitisha mchana kwa soda, na usiku anakula chipsi. Akirudi nyumbani na fedha nyingi husifiwa kuwa ni mtu makini. Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunaliona jambo hili kwa upande mwingine, na maoni yetu ni haya: posho ya safari ni chakula kwanza, na kinachobaki baada ya kula ndiyo akiba. Atakayeifanya akiba kabla ya kula ataitoa mwilini mwake.

Hatusemi kwamba watu wale nyama kila siku. Hesabu tutakayoifanya hapa chini haina nyama kabisa. Tunasema tu kwamba mtu asiye na jiko anaweza kula vizuri kwa fedha ya kawaida, ikiwa anajua anatafuta nini katika sahani.

Mwili unadai vitu viwili

Zamani katika kliniki tulifundisha vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili na vyakula vya kulinda mwili. Siku hizi mafundisho yanagawa vyakula katika makundi mengi zaidi, lakini kwa msafiri mgawanyo ule wa zamani bado unasaidia, kwa sababu unaonyesha mara moja ni kitu gani kinachokosekana.

Nguvu hupimwa kwa kalori. Mwanamume wa kilo 65 anayefanya kazi ya kutembea na kunyanyua vitu anahitaji kama kalori 2,600 kwa siku. Mwanamke wa kilo 55 mwenye kazi ya namna hiyo anahitaji kama 2,100. Nguvu inapatikana karibu katika kila chakula: ugali, wali, chapati, mafuta, hata sukari ya soda. Kwa hiyo msafiri akipata fedha kidogo tu, tumbo lake halikosi cha kulinyamazisha.

Kitu cha pili ni protini, ambayo ndiyo ya kujenga mwili. Hii haipatikani ovyo. Hesabu rahisi ya kukumbuka ni gramu moja ya protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Kiwango cha chini kinachokubalika ni pungufu kidogo ya hapo, lakini kwa mtu anayefanya kazi na anayekula zaidi maharage na nafaka, gramu moja kwa kilo ni kipimo cha salama. Mtu wa kilo 65, basi, atafute gramu 65.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya vitu hivi viwili, nayo ndiyo inayowaponza wasafiri. Nguvu iliyozidi leo mwili huiweka akiba kama mafuta, ikatumika kesho. Protini haina ghala la namna hiyo. Iliyozidi huchomwa kama kuni, na isipoletwa kwa siku kadhaa mwili huanza kubomoa misuli ili upate ya kutumia. Ndiyo sababu ile desturi ya kubana siku tisa, halafu siku ya kumi mtu ananunua nusu kuku ili ajipongeze, haisaidii sana. Kuku yule analiwa kwa furaha, lakini hawezi kurudisha kilichobomolewa katika siku tisa. Protini inapaswa kuja kila siku, tena ni vizuri ije asubuhi, mchana na jioni.

Hesabu ya fundi wa pampu

Tuchukue mfano wa fundi wa pampu za maji anayetoka Songea kwenda Tunduru kwa kazi ya siku kumi. Ana kilo 65. Tumpe kwanza siku ya kubana, ile ambayo wagonjwa wengi hutueleza tukiwauliza walikula nini safarini.

Asubuhi amekunywa kikombe cha chai ya rangi chenye vijiko vitatu vya sukari, pamoja na mandazi mawili. Hizo ni kama kalori 400 na protini gramu 6. Mchana kazi imembana, akanunua soda moja na pakiti ndogo ya biskuti: kalori 370 na protini gramu 3. Usiku ameoga, ana njaa kali, akala sahani ya chipsi kavu na soda nyingine: kalori 840 na protini gramu 8. Ukijumlisha siku nzima unapata kalori 1,600 hivi na protini gramu 17.

Tazameni namba hizo kwa makini. Nguvu imepungua kwa kalori 1,000, na protini ni kama robo tu ya ile anayohitaji. Kwa siku kumi upungufu huo wa nguvu unaweza kumpotezea zaidi ya kilo moja, na kwa kuwa protini nayo ni haba, sehemu ya uzito huo itakuwa misuli. Wala haikuwa rahisi kama anavyodhani. Amenunua soda mbili, na katika kila chupa ya kawaida mna karibu vijiko vinane vya chai vya sukari, bila protini hata chembe. Fedha ya soda moja na mandazi mawili kwa kawaida inatosha kununua mayai mawili ya kuchemsha.

Sasa tumpe fundi yuleyule siku nyingine, mji uleule, gesti ileile isiyo na jiko.

Asubuhi anakula chapati mbili, mayai mawili ya kuchemsha na chai ya rangi. Hizo ni kama kalori 730 na protini gramu 24. Saa nne anatafuna kiganja kimoja cha karanga za kukaanga, kama gramu 30, anapata kalori 170 na protini gramu 7. Mchana anakaa kwa mama lishe na kula sahani ya ugali, kikombe kizima cha maharage na mboga za majani: kalori 1,000 na protini gramu 28. Jioni anakula wali wa sahani moja, kibakuli cha maharage cha nusu kikombe, mboga kidogo na ndizi mbivu moja: kalori 725 na protini gramu 16.

Jumla ni kalori 2,600 na kidogo, na protini gramu 75. Amefikia nguvu anayohitaji na amepita kile kipimo cha protini, bila nyama wala samaki. Akitaka, siku mojamoja aache maharage ya jioni na kuchukua kipande cha samaki, au asubuhi aache mayai na kunywa supu ya ng'ombe yenye vipande viwili vya nyama. Hesabu haitaharibika.

Namba hizi si za kupima kwa mizani ya duka la dawa. Chapati ya hoteli moja ni nene kuliko ya nyingine, na maharage ya huyu yana mchuzi mwingi kuliko ya yule. La kushika ni utaratibu wake: kila anapokaa kula, pana kitu cha kujenga mwili katika sahani. Yai, maharage, karanga, samaki, maziwa, nyama au kunde, chochote kati ya hivyo. Msafiri akijiuliza kila mlo, "Cha kujenga mwili kiko wapi?" na akakosa jibu, ajue mlo ule haujakamilika, hata kama tumbo limejaa.

Na chipsi mayai? Tunaulizwa sana swali hili na vijana. Kwa kweli chipsi zenye mayai mawili ni mlo bora kuliko chipsi kavu, kwa sababu mna protini gramu 12 au zaidi za mayai. Ubaya wake ni mafuta yaliyotumika mara nyingi hata yamekuwa meusi, na kukosekana kwa mboga. Mara moja au mbili kwa wiki si neno. Kila usiku kwa wiki mbili ni neno.

Kuzungumza na mama lishe

Msafiri mgeni hufika mjini jioni, akala mahali pa kwanza palipo na taa, na kesho yake tena hivyohivyo. Tunashauri siku ya kwanza ajipe nusu saa ya kuzunguka na kutazama. Atafute mahali wanapokula wenyeji wenye kazi, waendesha bodaboda, wapagazi na walimu, kwa sababu pale sufuria haikai. Afike wakati watu wanapokula, kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu mchana. Akifika saa tisa atakuta mabaki.

Akishapata mahali hapo, azungumze na mwenye hoteli kwa heshima kama anavyozungumza na mtu wa nyumbani. "Mama, mimi nipo hapa siku kumi. Naomba unipunguzie wali uniongezee maharage." Hakuna mama lishe anayekataa ombi hilo, labda ataongeza bei kidogo, na nyongeza hiyo ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote za siku. Kama kesho anaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kijijini, aseme leo jioni: "Naomba nichemshie mayai matatu, nitayapitia alfajiri." Mambo haya yanaonekana madogo, lakini wanaoyafanya hurudi na uzito wao.

Kuhusu usalama wa chakula tutaje mambo matatu tu. Kwanza, chakula kiwe kimetoka motoni na kinatoa mvuke. Wali wa jana una hatari yake maalumu, maana ukiachwa bila ubaridi huota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiishi hata wali ukipashwa moto tena. Pili, yai la kuchemsha linunuliwe likiwa na ganda lake na liliwe siku hiyohiyo, tena mapema. Lile lililokwisha kumenywa na kupasuliwa ili litiwe kachumbari limeshikwa na mikono mingi. Tatu, maziwa yawe yamechemshwa, au yawe ya pakiti iliyofungwa. Msafiri aliyeharisha siku tatu amepoteza chakula chote alichokinunua kwa uangalifu.

Mfuko wa kutoka nyumbani

Zipo siku ambazo hakuna hoteli kabisa. Fundi wetu atapelekwa kijiji chenye duka moja linalouza sabuni, biskuti na soda. Siku hiyo atategemea alichobeba, na hapa ndipo familia inapoingia kazini.

Kwa siku kumi tunashauri mfuko wenye vitu hivi: karanga za kukaanga nusu kilo, usipa au dagaa wakavu robo kilo, maziwa ya unga pakiti moja ya gramu 250, chupa ya chai, bakuli lenye mfuniko, kijiko na kikombe. Ndugu zetu wa Mbamba Bay na pwani yote ya Ziwa Nyasa hawana haja ya kufundishwa juu ya usipa. Kiganja kidogo cha usipa wakavu, kama gramu 20, kina protini gramu 12 hivi, sawa na mayai mawili, na hakihitaji ubaridi. Uchambuliwe vizuri kuondoa mchanga, ukaangwe kwenye sufuria kavu na chumvi kidogo mpaka uvunjike kwa vidole, kisha uachwe upoe kabisa kabla ya kufungwa. Ukifungwa ukiwa na moto hutoa jasho ndani ya kopo, na baada ya siku tatu utaona ukungu.

Karanga nazo zichambuliwe kabla ya kukaangwa. Zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, na ukitafuna moja yenye uchungu uiteme. Ukungu wa namna hiyo huleta sumukuvu, sumu inayoharibu ini na isiyoondoka kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo, kwa hiyo si jambo la kufanyia mzaha. Anayekwenda Tunduru katika msimu wake anaweza kununua korosho hukohuko. Protini yake ni pungufu kidogo ya karanga, lakini nguvu yake ni ileile.

Maziwa ya unga ni msaada wa yule anayerudi gesti usiku na kukuta hoteli zimefungwa. Vijiko vitatu vikubwa, kama gramu 25, vikikorogwa katika kikombe cha maji ya moto vinatoa protini gramu 6 na kalori 125. Maji ya moto aombe kwa mhudumu wa gesti jioni na kuyahifadhi katika chupa ya chai. Akiwa na mkate, ndizi mbili na kiganja cha karanga pembeni, huo tayari ni mlo, wala hakuna moto uliowashwa.

Tunasisitiza neno hilo la moto. Wapo wanaobeba jiko dogo la mkaa ili wajipikie chumbani. Msifanye hivyo kamwe. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia, akilala haamki. Kwa ajili ya sahani ya ugali, hakuna sababu ya kulala na kifo chumbani.

Tusisahau pia siku za Ijumaa za Kwaresima. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa nyama hairuhusiwi, basi siku hiyo hakuna cha kujenga mwili, wakashinda kwa chai na mkate. Mayai, samaki, usipa, maziwa na maharage havikukatazwa. Mtu anaweza kujinyima nyama kwa moyo safi na bado akafanya kazi yake ya siku.

Na wale wa hoteli kubwa

Wengine hawaendi kijijini. Wanaitwa semina katika hoteli yenye chakula cha kujipakulia, na chai ya saa nne imejaa sambusa, keki na soda. Huko hakuna upungufu wa nguvu, bali ni kinyume chake. Mtu anakaa kitini siku nzima, naye anakula kalori za mpagazi. Hata hivyo utaratibu ni uleule. Aanze na cha kujenga mwili, kipande kimoja cha samaki au kuku, au maharage, halafu mboga nusu ya sahani, kisha wali au ndizi kwa sehemu iliyobaki. Sambusa moja ya nyama saa nne inatosha, na badala ya soda anywe maji. Waandaaji wa semina, na miongoni mwao wamo wa jimbo na wa parokia, tunawaomba chai ya saa nne iwe na mayai ya kuchemsha, karanga na matunda. Hayagharimu kuliko keki.

Utajuaje kwamba mambo yanaharibika

Kipimo rahisi ni mizani. Msafiri wa wiki mbili au zaidi ajipime katika zahanati au duka la dawa kabla ya kuondoka, ajipime tena akirudi, kwa mizani ileile na nguo za uzito uleule. Tofauti ya nusu kilo si kitu, huenda ni maji tu. Akipungua kilo moja na nusu au zaidi katika wiki mbili bila kuugua, ajue alikuwa anabana mno. Asiye na mizani atazame tundu la mkanda wake.

Kabla ya mizani, mwili wenyewe hutoa taarifa. Mtu anatetemeka mikono kabla ya chakula cha mchana. Saa tisa anasinzia juu ya kazi, na anakasirika kwa jambo dogo. Anapata choo kigumu kwa kukosa mboga na maji. Akinywa soda anachangamka kwa nusu saa, halafu anarudi palepale au anazidi. Dalili hizi zikija pamoja siku ya tatu au ya nne ya safari, asikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu au nguvu. Aangalie kwanza alikula nini asubuhi. Lakini zikiwa na homa, asingoje: apimwe malaria.

Wapo watu ambao ushauri wetu hauwatoshi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari hawezi kuruka mlo hata mmoja, kwa sababu dawa itaendelea kushusha sukari hata kama hakula, na anaweza kuzirai barabarani. Huyo abebe chakula mkononi muda wote, na wenzake wa safari wajue hali yake. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kwa kusoma ukurasa huu, bali afuate kipimo alichopewa na daktari. Mama mjamzito au anayenyonyesha, na anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, wapite kliniki kabla ya kusafiri ili wapange chakula na dawa kwa pamoja.

Kikao cha nyumbani

Tunajua jibu tutakalopewa. Baba mmoja wa familia atasema, "Sista, mnasema vizuri, lakini ada ya mtoto inatoka wapi?" Swali hilo ni la haki, nasi hatulidharau. Mishahara ya wengi ni midogo, na posho ndiyo inayoziba pengo. Lakini tuliangalie kwa hesabu. Fundi wetu katika siku ya pili hakununua soda wala biskuti wala chipsi. Alitumia zaidi kidogo ya siku ya kubana, na mfuko wa kutoka nyumbani ulipunguza tofauti hiyo. Akiba ilibaki, ila haikuwa ile kubwa ya kusifiwa. Upande mwingine wa hesabu ni siku anazorudi akiwa dhaifu na kulala kitandani, mchana wa saa tisa anapofunga nati vibaya kwa kusinzia, na fedha ya dawa. Hayo hayaandikwi katika daftari la nyumbani, lakini familia ndiyo inayoyalipa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja la kufanya jioni kabla ya safari. Baba na mama wakae pamoja na ile posho mezani. Kwanza wahesabu milo: siku kumi, mara tatu kwa siku, ni milo thelathini. Waulize bei ya sahani ya ugali na maharage kule anakokwenda, na bei ya mayai na chapati. Fedha hiyo itengwe katika bahasha yake, nayo isiguswe kwa kazi nyingine. Kilichobaki ndicho kipangiwe ada na bati. Mama akijua kwamba bahasha ile ni ya chakula, hatamwuliza mumewe kwa nini amerudi na fedha kidogo. Na kama anayesafiri ni mama, baba naye afanye vivyo hivyo, kwa maana tumeona akina mama wakibana kuliko wanaume, wakila mabaki safarini kama wanavyokula mabaki nyumbani.

Watoto wachambue karanga, mwenye mkono mzuri akaange usipa, na chupa ya chai ijaribiwe kama bado inashika moto. Bahasha ile ikirudi na chenji ndani, iwe ni kwa sababu bei zilikuwa nafuu, isiwe kwa sababu mtu alilala na njaa.